Kupunguza mkataba kwa theluthi moja bila kupoteza wajibu hata mmoja

Mwongozo huu unafuata kazi moja niliyoifanya hapa Nakuru, nikihariri mkataba wa maziwa kati ya chama cha ushirika cha upande wa Njoro na wafugaji wake. Mkataba ulikuwa na maneno 3,600 na kurasa tisa, na chama kilitaka uchapishwe ndani ya kijitabu ambacho mfugaji huandikiwa lita zake kila asubuhi. Kijitabu kilikuwa na nafasi ya kurasa sita, yaani maneno 2,400. Halmashauri ya chama ilitoa sharti moja tu, kwamba jambo lolote ambalo mfugaji au chama alikuwa amefungwa nalo katika ule mrefu abaki amefungwa nalo katika ule mfupi. Hatua nitakazoeleza zinafaa pia kwa mkataba wa kupanga, katiba ya kikundi au kanuni za soko, lakini mifano yote nitaitoa katika mkataba huu mmoja.

Hatua ya kwanza: hesabu maneno, kisha funga nakala ya awali

Lengo liwekwe kwa maneno, kwa sababu kurasa hudanganya: ukipunguza ukubwa wa herufi utapata kurasa sita ambazo mzee wa miaka sabini hawezi kuzisoma. Katika Word hesabu iko chini ya `Review`, halafu `Word Count`. Andika jumla ya hati nzima na jumla ya kila kifungu pembeni, maana utashangaa kuona uzito uko wapi. Katika mkataba wetu, dibaji iliyosimulia historia ya chama ilikuwa ndefu kuliko kifungu cha malipo.

Nakala ya awali ihifadhiwe kama ilivyo, na isiguswe tena. Kazi yote ifanywe katika nakala ya pili. Mwishoni utahitaji kuzilinganisha, na ukiwa umefanyia kazi ile ile ya kwanza hutakuwa na cha kulinganisha nacho.

Hatua ya pili: orodhesha wajibu kabla ya kukata neno lolote

Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo, na mimi hutumia karibu nusu ya muda wangu wote katika hatua hii. Chora jedwali lenye safu wima tano: nani anafungwa, anafungwa kufanya nini au kutofanya nini, anamfanyia nani, lini, na kwa sharti gani. Soma mkataba sentensi kwa sentensi, na kila unapokuta wajibu upe mstari wake na namba yake. Sentensi moja inaweza kutoa mistari minne. Haki nayo iandikwe, kwa sababu haki ya mfugaji kukagua mizani ni wajibu wa chama kumwachia aikague. Katika kazi hii nilipata mistari 43.

Wajibu ulioandikwa waziwazi katika vifungu vya katikati hausumbui. Unaosumbua ni ule uliojificha mahali ambapo mhariri mwenye haraka huanza kukata. Mfano mzuri ulikuwa katika sehemu ya maana ya maneno, ambapo paliandikwa kwamba “maziwa” maana yake ni maziwa ya ng’ombe ambayo hayatoki kwa ng’ombe aliyezaa ndani ya siku saba zilizopita, wala kwa ng’ombe ambaye muda wa kusubiri baada ya kutibiwa haujaisha. Hakuna kifungu kingine popote kilichomkataza mfugaji kuleta dang’a au maziwa yenye dawa. Makatazo hayo mawili yaliishi ndani ya maana ya neno moja, na mtu anayesema “maziwa kila mtu anayajua, tufute maelezo haya” angekuwa ameyafuta pamoja nayo.

Mahali pengine pa maficho ni majedwali ya mwisho, mabano, na kauli ya kutendwa. Kauli ya kutendwa hunipa shida kuliko zote. Mkataba ulisema: “Mitungi itaoshwa kila siku kwa maji ya moto.” Ioshwe na nani? Nilipomuuliza karani wa kituo cha kupokelea alijibu bila kusita kwamba ni mfugaji. Nilipomuuliza mfugaji mmoja aliyekuwa akisubiri mtungi wake, alishangaa: “Mitungi si ni ya chama? Wao ndio huiosha ikirudi.” Wajibu kama huo haukuwa na mwenyewe, na kwa miaka yote hiyo kila upande ulidhani ni wa mwenzake. Mhariri hana mamlaka ya kuuamua. Uandike katika jedwali, uache nafasi ya “nani” wazi, uupeleke kwa wenye mkataba. Ulirudi kwangu na jibu: mfugaji huosha kabla ya kukamulia, chama huosha baada ya kumimina. Mstari mmoja ukawa miwili, na jumla ikawa 44.

Hatua ya tatu: kata vipande vikubwa kwanza

Watu wengi huanza kwa kufuta maneno madogomadogo, neno hapa na neno pale, hadi wachoke wakiwa wamepunguza mia moja tu. Anza na aya nzima. Weka jedwali lako kando ya hati, na pembeni mwa kila aya andika namba za mistari iliyotoka ndani yake. Aya isiyo na namba hata moja haibebi wajibu, na hiyo ndiyo ya kwanza kuondoka. Kwetu, dibaji na historia zilitoa maneno 310 kwa njia hiyo. Nitarudi kwenye dibaji hiyo baadaye, kwa sababu iliniumbua.

Baada ya aya zisizo na namba, tafuta marudio, yaani wajibu ambao namba yake inaonekana mara mbili au zaidi. Kabla ya kufuta mojawapo, zisome sentensi zote mbili neno kwa neno. Kifungu cha tano kilisema chama kitamlipa mfugaji “ifikapo tarehe 10 ya mwezi unaofuata”. Jedwali la mwisho, lililoonekana kurudia habari hiyo hiyo, lilisema malipo yatafanywa “ndani ya siku 10 za kazi baada ya mwezi kuisha”. Siku 10 za kazi haziishi tarehe 10, maana Jumamosi, Jumapili na sikukuu hazihesabiwi. Kwa hiyo hayo hayakuwa marudio bali mgongano, na kufuta sentensi moja kungekuwa kuamua ugomvi ambao hata haujaanza. Halmashauri ilipoulizwa ikachagua tarehe 10. Marudio ya kweli, yaliyokuwa sawasawa, yalitoa maneno 340.

Katika maana ya maneno, futa neno lililofafanuliwa lakini halitumiki popote. Neno linalotumika mara moja tu, peleka maelezo yake pale linapotumika. Maelezo yenye katazo ndani yake, kama yale ya maziwa, yaandikwe upya kama kifungu kinachosimama chenyewe. Kwetu sehemu hii ilitoa maneno 130. Hadi hapo tulikuwa tumepunguza 780 na bado tulidaiwa 420, ambayo yalipaswa kutoka ndani ya sentensi zenyewe.

Hatua ya nne: kaza sentensi zinazobaki

Hiki hapa kifungu kimoja kama kilivyokuwa:

“Pande zote mbili zinakubaliana na kuelewana kwamba, kwa kuzingatia umuhimu wa ubora wa maziwa kwa afya ya walaji na kwa soko la Chama, maziwa yote ambayo yataletwa na Mfugaji katika kituo cha kupokelea yatapimwa kabla ya kupokelewa, na endapo itatokea kwamba maziwa hayo yamekataliwa kwa sababu yoyote ile, basi Mfugaji ataelezwa sababu ya kukataliwa kwa maziwa yake papo hapo na kwa maandishi, na maziwa hayo yatarudishwa kwake isipokuwa pale ambapo yatakuwa yamegunduliwa kuwa na dawa, ambapo yatamwagwa mbele yake.”

Hayo ni maneno 79. Katika jedwali yalikuwa na mistari minne: kupima kabla ya kupokea, kueleza sababu, kurudisha, na kumwaga mbele ya mwenyewe iwapo kuna dawa. Hiki ndicho kilichobaki:

“Chama kitapima maziwa yote ya Mfugaji kituoni kabla ya kuyapokea. Kikiyakataa, kitamweleza sababu papo hapo na kwa maandishi, na kitamrudishia maziwa hayo, isipokuwa yakipatikana na dawa, ambapo kitayamwaga mbele yake.”

Ni maneno 30. Kilichoondoka kwanza ni “pande zote mbili zinakubaliana na kuelewana”, kwa kuwa mtu anayetia sahihi mkataba amekwisha kukubali. Kisha sababu ya kupima, ambayo haimfungi mtu. Kisha “kwa sababu yoyote ile”, kwa kuwa “kikiyakataa” bila masharti inahusu kila kukataa. Lakini nilipoandika rasimu ya kwanza niliandika “papo hapo kwa maandishi”, nikiona “na” haina kazi. Karani alinirudishia. Utaratibu wao ni kumwambia mfugaji kwa mdomo pale pale, halafu kumpa karatasi, na “na” ile ilikuwa inatenganisha mambo mawili. Maneno kama “na”, “au”, “tu”, “angalau”, “isipokuwa” na “yasiyozidi” ni mafupi, lakini yafute ya mwisho, na kwa kawaida usiyafute kabisa.

Utaona pia kwamba nimeibadili kauli ya kutendwa kuwa ya kutenda, na jina la mtendaji limeingia. Hilo hufupisha sana, lakini linampa mtu wajibu ambao hati ya awali haikumtajia. Kwa hiyo kila ninapofanya hivyo huweka alama, na alama zote huulizwa pamoja, siku moja, kwa watu wa pande zote mbili.

Sarufi yetu ina msaada mmoja katika kazi hii. Mfugaji ni “a-” na Chama ni “ki-”. Pande hizo mbili zikiwa katika ngeli tofauti, kiambishi peke yake kinatosha kusema nani anatenda na nani anatendewa: “kitamlipa”, “atakijulisha”. Unaweza kufuta majina mengi bila msomaji kupotea. Katika mkataba wa kupanga hali si hiyo, kwa sababu mwenye nyumba na mpangaji wote ni “a-”, na ukiandika “atamjulisha akiona paa linavuja” hakuna ajuaye nani ameona. Huko majina yabaki, hata kama yanachosha. Na hata kwetu palikuwa na mtego: kituo nacho ni “ki-”. Sentensi “Chama hakitapokea maziwa ya kituo kikifungwa” ilinifanya nirudishe jina, kwa maana kilichofungwa kingeweza kuwa kituo au chama chenyewe.

Jambo jingine lililotupa nafasi ni namna ya kutaja wajibu. Mwandishi wa kwanza alipenda “atawajibika na atalazimika kuleta”, “atatakiwa na sharti alete”, kana kwamba neno moja halimtoshi. Katika Kiswahili “ataleta” inaweza kusomwa kama habari ya kesho tu, kwa hiyo hofu yake naielewa. Dawa yake ni kuweka sentensi moja mwanzoni: “Katika mkataba huu, inaposemwa kwamba upande mmoja utatenda jambo, maana yake ni kwamba jambo hilo ni wajibu wa upande huo.” Sentensi hiyo ina maneno 20. Baada yake “ataleta” inatosha kila mahali. Mtindo ule mrefu ulijitokeza mara 27, na kila mara tuliokoa maneno matatu, kwa hiyo tulipata 81 na kulipa 20.

Hata hivyo usiukaze kila usemi unaofanana na huo, kwa sababu baadhi ni vipimo vya wajibu wenyewe. “Mfugaji atahakikisha ng’ombe wake wanachanjwa” haiwi “Mfugaji atachanja ng’ombe wake”, kwani anayechanja ni mtaalamu wa mifugo na wajibu wa mfugaji ni kuona limefanyika. “Chama kitajitahidi kutafuta soko jingine” haiwi “Chama kitatafuta soko jingine”, maana la pili ni ahadi kamili. Na zaidi ya yote tazama ukanushi. Mkataba ulisema: “Chama hakitalazimika kupokea maziwa yanayofika baada ya saa nne asubuhi.” Kishawishi ni kuandika “hakitapokea”. Lakini hakitalazimika kinaacha mlango wazi: siku ya mvua, barabara ya udongo ikiwa haipitiki, karani anaweza kupokea akipenda. Hakitapokea kinaufunga mlango huo, na mfugaji aliyekwama kwenye tope anarudi nyumbani na mtungi wake. Neno moja limeokolewa, haki ya hiari imepotea.

Hatua ya tano: panga upya namba za vifungu

Ukiondoa kifungu cha pili, cha saba kinakuwa cha sita, na kila mahali palipoandikwa “kwa mujibu wa kifungu cha 7” sasa panamwelekeza msomaji penginepo. Tafuta neno “kifungu” katika hati nzima na ukague kila moja kwa mkono. Hatua hii ni ya dakika ishirini, lakini ukiiruka adhabu ya kuchelewa inaweza kujikuta imefungwa kwenye kifungu cha anwani.

Hatua ya sita: kagua mara mbili, kwa watu wawili

Mtu ambaye hakuandika hati fupi achukue lile jedwali, na kwa kila mstari atafute mahali ulipo katika hati fupi, aandike namba ya kifungu. Mstari usiopatikana umepotea. Kisha afanye kinyume: aisome hati fupi, na kila wajibu anaoukuta autafute katika jedwali. Ule usiomo katika jedwali umezaliwa mikononi mwako, na mara nyingi umezaliwa kwa kubadili kauli au kwa “hakitapokea” wa namna ile. Halafu linganisha tarakimu peke yake: siku, tarehe, lita, shilingi, saa. Katika Word, `Review` kisha `Compare` itakuonyesha kilichobadilika, lakini ukiwa umeandika upya sentensi nyingi ukurasa wote utakuwa mwekundu, kwa hiyo usiutegemee zaidi ya tarakimu.

Sisi tulipata mistari yote 44, nikaridhika. Ndipo hati ikasomwa kwa sauti mbele ya wafugaji wachache, na mama mmoja aliyekaa nyuma akauliza: “Mwanangu, na ile habari ya kutuambia bei mapema iko wapi?” Nikafungua jedwali, haikuwamo. Nikafungua mkataba mrefu na kuikuta katika historia ya chama, katikati ya sifa za waanzilishi: chama “ambacho tangu kuanzishwa kwake kimekuwa kikiwajulisha wafugaji mabadiliko ya bei angalau siku 14 kabla, na kitaendelea kufanya hivyo”. Nilikuwa nimeisoma kama simulizi. Maneno manne ya mwisho yalikuwa ahadi.

Jedwali haliwezi kukamata kilichokosa kuingia ndani yake tangu mwanzo. Ndiyo sababu usomaji wa mwisho lazima ufanywe na watu wanaoishi chini ya mkataba huo, ambao hawausomi kwa kulinganisha maandishi bali kwa kukumbuka wanavyotendewa. Tangu siku ile, dibaji naisoma mara mbili, nikitafuta vitenzi vyenye “-ta-” peke yake.

Theluthi isipofika

Kifungu cha bei kiliporudi, kikiwa mstari wa 45, kilikuja na maneno tisa, nasi tukawa na 2,436. Hapo kuna mambo mawili tu yanayoruhusiwa. La kwanza ni kutafuta kisichofunga mtu ambacho bado kimo: kwetu, jina refu la chama pamoja na anwani ya posta lilikuwa limerudiwa mahali pa sahihi, na maelezo ya jinsi ya kujaza tarehe yalikuwa yanajieleza. Yakaondoka maneno 31. La pili, vyanzo hivyo vikikauka, ni kumwambia mwenye hati kwamba maneno yamezidi matano, kumwonyesha jedwali, na kumwacha achague kati ya kupata nafasi zaidi na kuondoa wajibu anaoutaja mwenyewe kwa namba, kwa idhini ya upande wa pili. Mpiga chapa aliposikia ni maneno matano akacheka, akapunguza nafasi chini ya kichwa.

Mkataba mfupi haukuanza kazi siku ulipochapishwa. Wafugaji waliokuwa wametia sahihi ule mrefu waliendelea kufungwa na ule mrefu hadi kila mmoja alipotia sahihi mpya, na wakili wa chama aliomba apewe hati zote mbili pamoja na jedwali kabla ya kuruhusu sahihi ya kwanza. Alirudisha swali moja tu, kuhusu nani anaosha mitungi siku ambayo kituo hakina maji.